Leso Mombasa, kanga Dar: kichwa cha tangazo kiandikweje?

*"Assalamu alaikum. Nauza leso na marinda mtandaoni kutoka Mombasa. Miaka yote wateja wangu wamekuwa wa hapa Pwani na Nairobi, ila siku hizi napata oda za Dar na Unguja pia. Juzi mteja wa Dar aliona tangazo langu 'Leso za pamba bei poa' akaniuliza dazeni moja ni bei gani, anataka kuweka kwenye mifuko ya zawadi. Kumbe alidhani ni vitambaa vya kufutia jasho! Kuna wanaoniambia niandike kanga kila mahali kwa sababu ndicho Kiswahili sanifu, na kuna wanaosema nikifanya hivyo nitawapoteza Wakenya. Niandike lipi? Na nikiyaandika yote mawili, nianze na lipi?"*

Waalaikum salaam, dada.

Matangazo yatakayosomwa na Wakenya yaanze na leso, na kanga likae kwenye mabano pembeni yake. Matangazo yatakayosomwa na Watanzania yaseme kanga peke yake, leso lisionekane kabisa kichwani. Na pale ambapo unapewa kichwa kimoja tu kwa nchi zote mbili, andika "Kanga (leso ya kujifunga)". Sababu zake nazieleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa ukizishika utaweza kuamua mwenyewe kuhusu marinda na chochote utakachoongeza dukani baadaye.

Tuanze na leso lenyewe. Neno hilo tulilipata kwa Wareno, na kwao lilikuwa kitambaa kidogo cha mraba, cha mkononi au cha kichwani. Wareno ndio walioanza kujenga Ngome ya Yesu hapo kwenu mwaka 1593, na walipoondoka neno lao lilibaki. Historia inayosimuliwa sana Pwani ni kwamba vitambaa hivyo vilikuwa vikiuzwa bado vimeungana kwenye jora, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake walianza kununua sita kwa mpigo, wakavikata vitatu vitatu, wakaviunganisha kwa sindano kimoja juu ya kingine, wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Mombasa jina la kitambaa likahamia kwenye nguo nzima, na kutoka hapo likapanda bara hadi Nairobi na Kisumu. Upande wa Tanzania nguo hiyo ikaitwa kanga, wengi wanasema ni kwa ajili ya madoa yaliyofanana na ya ndege kanga, na leso likaendelea kuwa kile kitambaa kidogo cha mfukoni.

Kwa hiyo Mtanzania akisoma leso hashindwi kuelewa. Anaelewa kabisa, ila anaelewa kitu kingine. Hapo ndipo hasara inapotokea. Mtu akikutana na neno asilolijua huuliza, au angalau hutazama picha vizuri. Akikutana na neno analolijua kwa maana nyingine, hana haja ya kuuliza: anayetaka leso ya mfukoni anabonyeza, anaona nguo, anaondoka, na anayetaka kanga hafiki kwako kabisa, maana alipotafuta hakuandika leso. Yule mteja wako wa Dar alikufaa sana kwa kuuliza. Wengi wa aina yake hupita kimya, nawe huwezi kuwaona.

Sasa geuza upande. Mkenya akisoma kanga anaelewa ni nini. Mombasa maneno yote mawili husikika sokoni, na Nairobi mtu anaweza kuwa hajawahi kulitamka kanga maisha yake yote lakini analijua kutoka vitabu vya shule. Maana ya ndege haimchanganyi, kwa sababu mara tu inapofuata "ya pamba" ndege ameshaondoka. Yaani maneno haya mawili hayana nguvu sawa ya kuvuka mpaka. Kanga linavuka Namanga na Horohoro bila kubadilika maana. Leso likivuka linakuwa kitu cha mfukoni. Ndiyo maana nakwambia uliongeze kanga kwenye tangazo la Kenya bila wasiwasi, lakini usiliongeze leso kwenye tangazo la Tanzania. Ushauri wa "weka yote mawili kila mahali ili usikose mtu" unasikika vizuri, ila kwa bidhaa yako ni mzuri upande mmoja tu.

Wanaokuambia uandike kanga kila mahali wana hoja: utaeleweka. Wanachosahau ni kwamba kueleweka ni jambo moja na kutafutwa ni jambo jingine. Mama wa Nakuru akiona kanga ataelewa, lakini anapoingia mtandaoni kutafuta nguo ya kumpelekea mamake, kidole chake kinaandika leso. Hata Wakenya wengi wanaoandika maneno mengine yote kwa Kiingereza wanapotafuta bidhaa, jina hilo huliacha kama lilivyo. Kichwa chako kisipokuwa nalo, hapati nafasi ya kukuelewa kwa sababu hatakuona. Usitegemee kwamba mashine ya kutafuta itajua leso na kanga ni kitu kimoja. Kwa Kiingereza mashine hizo zimejifunza visawe vingi, kwa Kiswahili bado ni vichache, na kisanduku cha kutafutia ndani ya maduka mengi ya mtandaoni hulinganisha herufi kwa herufi tu.

Basi kichwa chenyewe kijengwe hivi. Tuseme unauza nguo yenye pindo nyekundu, na jina lililoandikwa ni WEMA HAUOZI. Kwa Kenya:

Leso (kanga) ya pamba, vipande 2, WEMA HAUOZI, nyekundu

Kwa Tanzania:

Kanga ya pamba, doti moja, WEMA HAUOZI, nyekundu

Kwa mahali pa kichwa kimoja:

Kanga (leso ya kujifunga) ya pamba, vipande 2, WEMA HAUOZI

Vyote vitatu havifiki herufi 60 kwa kuhesabu na nafasi, na hilo ni la makusudi. Kwenye simu kichwa kirefu hukatwa, na kinachobaki ni maneno matatu au manne ya mwanzo. Hayo ndiyo yanayoamua kama mtu atabonyeza. Ukianza na "Mpya kabisa" au "Bei poa sana", sehemu yote inayoonekana imeliwa na maneno ambayo hakuna anayeyatafuta, na jina la bidhaa limefichwa. Jina la kila siku la nchi husika ndilo linalostahili kukaa mlangoni.

Angalia kichwa cha tatu kwa makini, maana ndicho kigumu. Leso limerudi, lakini haliko peke yake. Nimelifunga na kitenzi: leso ya kujifunga. Mtanzania akilisoma hivyo anajua papo hapo kwamba si ya mfukoni, kwa sababu kitambaa cha jasho hakuna anayejifunga. Mkenya naye halioni geni, kwa kuwa kujifunga leso ndiyo lugha yake ya kila siku. Njia hii inasaidia kila mara neno la nchi moja linapokuwa na maana nyingine nchi ya pili: litie kazi yake ubavuni, kitu hicho kinafanywaje, kinavaliwa wapi, na ile maana nyingine inajiondoa yenyewe. Huhitaji kuandika maelezo marefu ya "kwa Kenya maana yake hivi, kwa Tanzania vile" kichwani. Sentensi hiyo ina mahali pake katika maelezo ya bidhaa chini.

Kuhusu vipande na doti. Tanzania doti inaeleweka kuwa ni vile vipande viwili vinavyouzwa pamoja kabla havijakatwa na kupigwa pindo. Kenya, hasa ukiacha Pwani, wengi husema pea, na wengine hawana hakika bei uliyoandika ni ya kipande au ya viwili. "Vipande 2" hakuna anayekisoma vibaya, kwa hiyo nimekiweka kwenye vichwa vinavyosomwa na Wakenya, na doti nimeiacha kwa Watanzania peke yao. Halafu sentensi ya kwanza ya maelezo iseme vipimo: kila kipande takriban sentimita 150 kwa 110. Upime zako mwenyewe, maana viwanda hutofautiana. Kipimo hicho kinakulinda zaidi ya neno lolote, kwa sababu hata aliyekuja akifikiria kitambaa cha mfukoni akiona mita moja na nusu ameshajua.

Kuna jambo la sarufi ambalo wauzaji wengi hawaliangalii hadi kichwa kiharibike. Leso na kanga zote ziko ngeli ya I-ZI, ndiyo maana "Leso (kanga) ya pamba" inakaa vizuri hata ukizigeuza. Bidhaa nyingine hazina bahati hiyo. Friji huchukua "ya", jokofu huchukua "la". Ukiandika "Friji (jokofu) la milango miwili" sikio la msomaji linakwama, na kwa mteja asiyekufahamu kichwa kilichokwama kinafanana na tangazo la tapeli lililotafsiriwa na mashine. Kanuni ni nyepesi: upatanisho ufuate neno la kwanza, lile lililo nje ya mabano. "Friji (jokofu) ya milango miwili" kwa anayeanza na friji, "Jokofu (friji) la milango miwili" kwa anayeanza na jokofu. Kwa hiyo usinakili kichwa cha nchi moja na kubadilisha nafasi za maneno tu. Soma tena hadi mwisho na urekebishe ya, la, cha na za.

Ngeli inagusa na utafutaji. Kwa leso na kanga umoja na wingi ni umbo moja, hivyo mtu akiandika lolote anakupata. Ila ukianza kuuza vitenge, kitenge na vitenge ni maneno mawili tofauti machoni mwa kisanduku kinacholinganisha herufi. Weka umoja kichwani na wingi katika sentensi ya kwanza ya maelezo, au kinyume chake, bora yote mawili yapatikane kwenye ukurasa.

Jina la kanga lenyewe, yale maandishi ya kwenye nguo, usiliguse. Liandike herufi kwa herufi kama lilivyochapwa, hata kama tahajia yake ni ya zamani au ina neno la Kimvita ambalo mtu wa Dodoma halitumii. Wateja wengi hasa huikumbuka nguo kwa jina lake. Aliliona kwa jirani harusini, au anataka kumfikishia mtu ujumbe huo huo. Hapa hakuna Kenya wala Tanzania, kuna maandishi yaliyo kwenye nguo. Nimeona wauzaji wakilisawazisha jina ili "lisomeke vizuri Tanzania", na mteja anapolitafuta kwa maneno aliyoyasoma kwenye nguo ya jirani halipati. Vivyo hivyo chapa ya mtengenezaji. Kama nguo ni ya Kaderdina Hajee Essak, kampuni iliyoanza biashara Mombasa mwaka 1887, "Mali ya Abdulla" iandikwe vilevile pande zote mbili, kwa sababu inajulikana pande zote mbili.

Na tahajia ya khanga? Kanga ndiyo ya kamusi, na ndiyo niliyoitumia vichwani. Lakini khanga yenye "kh" imeenea sana madukani na kwenye mitandao ya picha, kwa hiyo haifai kupuuzwa. Itaje mara moja katika maelezo, na kwenye Instagram iwe miongoni mwa alama zako za reli. Kuiweka kichwani pamoja na kanga na leso ni kupoteza nafasi. Vichwa vya maneno matatu yanayosema kitu kile kile husomeka kama vya mtu anayebabaisha.

Kama una tovuti yako mwenyewe, bora utengeneze kurasa mbili kwa kila bidhaa badala ya kulazimisha kichwa kimoja kiwatosheleze wote. Ukurasa wa Kenya uwe na kichwa cha Kenya na bei ya Kenya, wa Tanzania vivyo hivyo, kisha uzijulishe mashine za kutafuta kwamba kurasa hizi ni ndugu. Katika kila ukurasa, ndani ya sehemu ya `<head>`, zikae mistari hii:

```html
<link rel="alternate" hreflang="sw-KE" href="https://duka.example/ke/wema-hauozi-nyekundu" />
<link rel="alternate" hreflang="sw-TZ" href="https://duka.example/tz/wema-hauozi-nyekundu" />
<link rel="alternate" hreflang="x-default" href="https://duka.example/wema-hauozi-nyekundu" />
```

Hapo `sw` ni Kiswahili, `KE` na `TZ` ni nchi, na `x-default` ni ukurasa wa yeyote asiye wa nchi hizo mbili, wenye kile kichwa cha tatu. Mistari yote mitatu inatakiwa iwe kwenye kurasa zote tatu, ikiwemo ule unaojitaja wenyewe. Ukurasa mmoja ukimtaja mwenzake na mwenzake asimrudishie, Google huupuuza uhusiano huo. Ona pia kwamba kwenye anwani sikuweka leso wala kanga. Nimeweka jina la nguo na rangi. Kiungo kikishatumwa kwenye makundi ya WhatsApp kinaishi miaka, na hutaki kukibadilisha kila unapobadilisha mawazo kuhusu kichwa.

Bila tovuti, fuata hadhira ya kila mahali. Tangazo unalolipia na kulielekeza kwa watu wa Dar lipewe kichwa cha Dar, la Nairobi kichwa cha Nairobi. Orodha ya bidhaa ya WhatsApp Business ni moja kwa akaunti, kwa hiyo hapo tumia kichwa cha tatu.

Usiniamini mimi peke yangu, lakini. Maneno huhama, na kuna bidhaa ambazo hata mimi ningekosea. Namna ya kwanza ya kupima ni kutazama picha. Andika neno moja mara mbili, kila mara ukiiambia Google ujifanye uko nchi tofauti:

```
https://www.google.com/search?q=leso&gl=ke&hl=sw
https://www.google.com/search?q=leso&gl=tz&hl=sw
```

Fungua sehemu ya picha katika kila moja na ulinganishe. Picha hazidanganyi kuhusu maana: ama zinaonyesha nguo yenye pindo na mji, ama zinaonyesha vitambaa vilivyokunjwa mraba. Mahali ulipo simu yako bado panaweza kuvuta majibu upande wako, kwa hiyo jamaa aliye Dar akikufanyia utafutaji huo kwa simu yake utakuwa na uhakika zaidi. Usimuulize "leso ni nini?", kwa sababu swali hilo linamfanya afikirie majibu ya shuleni. Mtumie picha ya bidhaa bila maneno na umuulize angeandika nini kama angetaka kuinunua. Jibu la haraka analotoa ndilo neno lako.

Ukienda Google Trends, linganisha leso na kanga ndani ya nchi moja, Kenya peke yake kisha Tanzania peke yake. Usilinganishe namba ya Kenya na ya Tanzania, maana mtandao huo hautoi hesabu ya watu; unatoa kipimo cha 0 hadi 100 kinacholinganisha yaliyomo kwenye utafutaji ule ule. Na kumbuka kwamba kwa Tanzania namba ya leso inajumuisha wanaotafuta vitambaa vya mfukoni, hivyo ikiwa kubwa haikuambii chochote kuhusu nguo yako.

Kipimo cha kuaminika zaidi kinakuja baadaye, kutoka kwa wateja wako wenyewe. Kwenye Google Search Console fungua `Performance`, chuja `Countries` uchague Tanzania, kisha tazama `Queries`. Ukiona umeonyeshwa mara nyingi kwa neno leso na karibu hakuna aliyebonyeza, ukurasa wako unawafikia wanaotaka kitu kingine. Liondoe neno hilo kichwani. Ukiona kwa Kenya watu wengi wanafika kwa kanga, basi mabano yako yanafanya kazi na uyaache. Ipe wiki kadhaa kabla ya kuhukumu, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, ama sivyo hutajua kilichosaidia ni neno, bei au picha mpya. Kama huna tovuti, sanduku lako la ujumbe linakuambia yale yale. Maswali ya "hii ni ya mfukoni?", "ni kitambaa au nguo?", "dazeni bei gani?" ni dalili ya neno lililosomwa vibaya. Maswali ya "ni moja au mbili?" ni dalili ya doti isiyoeleweka.

Sasa marinda, kwa sababu hayo yanahitaji uangalifu zaidi ya leso. Kenya rinda ni vazi zima la mwanamke, na gazeti au mwalimu atalitumia bila shida. Tanzania vazi hilo ni gauni, na marinda ni ile mikunjo inayoshonwa kwenye sketi. Anayesoma "Marinda ya watoto" Dar atafikiria sketi za shule zenye mikunjo. Si hilo tu: mtaani Tanzania neno hilo, hasa likiwa katika wingi, limebeba maana ya aibu ambayo usingependa ikae karibu na nguo za watoto. Wateja hawatakuambia, watatuma tangazo lako kwa wenzao kwa sababu nyingine kabisa. Kwa hiyo hapa mabano hayatoshi. Kichwa cha Tanzania kiseme "Gauni la pamba la mtoto, miaka 4 hadi 6", na rinda lisionekane hata kwenye maelezo ya ukurasa huo. Kichwa cha Kenya kiseme "Rinda (gauni) la pamba la mtoto", na unaona ngeli ni moja, LI-YA, upatanisho haukusumbui. Kwa kichwa kimoja cha wote andika gauni, kwa kuwa Mkenya analielewa, na ukubali kwamba utakosa wachache wanaotafuta rinda. Hasara hiyo ni ndogo kuliko ile nyingine.

Si kila tofauti ni nzito hivyo. Ukija kuuza taulo za kike, Kenya magazeti husema sodo, na Mtanzania akiliona neno hilo kwa kawaida halimpi maana yoyote nyingine. Neno lisilo na maana ya pili halimpotezi mtu. Hapo "Taulo za kike (sodo)" inafaa pande zote, na kinachobadilika ni lipi litangulie tu. Kwa hiyo kabla ya kuamua, jiulize kwanza kama neno la wenzako upande wa pili ni geni tu, au lina maana nyingine, au lina maana ya kufedhehesha. La kwanza liweke kwenye mabano, la pili lifunge na kazi yake au uliache, la tatu liondoe kabisa.

Utapata pia wateja wasiokaa Kenya wala Tanzania. Waganda wana leesu katika Kiganda, kwa hiyo kichwa chako cha Kenya kinawafaa zaidi. Lubumbashi husema kikwembe, lakini hilo hutumika kwa vitambaa vya aina ya kitenge, hivyo usilibandike kwenye kanga ili kuvuta watu tu. Wenye asili ya Unguja walioko Maskati wanasema kanga, na Mmombasa aliyeko London bado anasema leso. Hawa wa ughaibuni huwezi kuwagawa kwa nchi wanamoishi, kwa kuwa neno walilonalo ni la nyumbani kwao, na ndiyo kazi ya ule ukurasa wa `x-default`.

Kuhusu matangazo uliyonayo tayari, usiyafute. Tangazo la zamani lina maoni ya wateja na viungo vilivyokwisha kusambaa. Badilisha kichwa na sentensi ya kwanza ya maelezo, uache anwani na picha kama zilivyo. Anza na yale yanayotazamwa na watu wa Dar na Unguja, maana huko ndiko neno linakukosesha mauzo sasa hivi. Ya Kenya yanaendelea kuuza na yanaweza kusubiri. Na lile la "Leso za pamba bei poa" liwe la kwanza: toa "bei poa", weka vipande na jina lililochapwa kwenye nguo, na kwa kuwa limeshaonwa na nchi zote mbili, lipe kichwa cha kanga yenye leso ya kujifunga kwenye mabano.